Matanga ya Mama Hayakuwa na Kiingilio

Kuzunguka mji ilikuwa nusu rupia, na bei hiyo niliitaja hapo hapo stesheni, kabla mgeni hajashika fimbo yake. Kupanda mlimani mpaka kwenye maporomoko ilikuwa rupia mbili, mbali na posho ya wachukuzi. Bibi wa Kizungu akitaka kubebwa kwa machila, wachukuzi walikuwa wawili wawili wa kupokezana, na bei yao niliitaja pia mapema. Mtu akishafika juu, amechoka, ana kiu, ukimtajia bei hapo anaona umemtega. Ukimtajia chini, anakubali au anakwenda zake, na wewe umebaki na jina lako.

Hiyo ilikuwa baada ya reli kufika Morogoro. Kabla ya hapo nilikuwa mchukuzi, nikabeba mizigo ya watu mpaka mabega yakaota sugu. Gari la moshi lilipoanza kuleta wageni kutoka Dar es Salaam, Mjerumani mmoja mwenye hoteli jirani na stesheni alitafuta mtu anayeijua milima na anayejua Kijerumani kidogo. Mimi nilikuwa nimesoma misheni miaka miwili. Kijerumani changu kilitosha kusema kulia, kushoto, maji, jiwe linateleza, na bei. Kikiniishia, nilimalizia kwa Kiswahili na mikono.

Wageni waliolala hotelini walimlipa mwenye hoteli mwenyewe: aliwatoza rupia mbili kwa kuzunguka mji, akanipa mimi ile nusu. Nililijua hilo. Sikumwonea kijicho, maana veranda ilikuwa yake na wageni walishukia kwake. Tuligombana kuhusu maneno, si fedha. Alitaka niwaambie wageni kwamba kabla ya boma la Wajerumani hapa palikuwa na nyasi na simba tu.

"Sema, palikuwa pori," aliniambia. "Wageni wanapenda pori."

"Hapakuwa pori, bwana. Palikuwa na mji una ukuta wa mawe."

"Nani amekuambia?"

"Mama yangu."

Alicheka, akaenda kuangalia bia zake. Nami niliendelea kuwapeleka wageni kando ya mto, kwenye mawe yaliyobaki, na kuwaambia niliyoambiwa.

Mama alikuwa akikaa juu ya mji, kwenye mteremko wa kwao, mwendo wa asubuhi moja ukipanda bila kukimbia. Sisi Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ni ya ukoo huo, kwa hiyo pale palikuwa kwetu. Historia yote niliyoiuza mjini ilitoka kinywani mwake. Alinisimulia jinsi bibi yake alivyokuwa akishuka na maharage na ndizi kuuza kwenye malango ya ule mji, ambao siku hizo ulitawaliwa na mwanamke. Misafara ya kwenda bara ilikuwa ikisimama hapo kulipa hongo, ushuru wa kupita njia. Kisha mto ukafurika. Watu wa mlimani walisikia mawe yakibingirika kama ngoma, na kulipokucha kipande kikubwa cha ukuta kilikuwa kimekwenda. Mlango mmoja wa kuchongwa ulikutwa umelala kwenye matete. Bibi yake mama aliugeuza, akaufuta tope, akaanikia maharage juu yake.

Wageni waliupenda mlango huo kuliko kitu kingine chochote. Waliniuliza uko wapi. Niliwajibu ukweli, kwamba mchwa waliula.

Mwenzangu katika kazi alikuwa Mzigua mmoja, mtu mzima, aliyewahi kuwa mkuu wa wapagazi katika misafara. Yeye alisimamia wachukuzi wa machila, mimi nikasimamia njia na maneno. Mluguru na Mzigua ni watani, na utani wetu si wa kuchekeshana tu. Mtani wako anaweza kukutukana mbele za watu, akachukua kuku wako, akavaa kofia yako akaondoka nayo, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako.

Kila tulipofika kwenye yale mawe alikuwa akinikatiza mbele ya wageni.

"Wewe mtumwa wangu, nani amekupa ruhusa ya kuonyesha mji wetu? Huu ukuta ulijengwa na Wazigua. Nyinyi mlikuwa mmejikunyata huko juu, mnachungulia kama nyani."

"Mlijenga kwa mawe ya kwetu," nilimjibu. "Mpaka leo hamjayalipa. Na maji ya kwetu ndiyo yaliyoubomoa, kwa kuwa mlichelewa kulipa."

"Sikilizeni! Ana kiburi kwa sababu ana koti. Koti lenyewe nilimpa mimi."

"Uliiba kwangu, nikaliiba tena."

Wageni hawakuelewa neno, lakini walicheka wakituona tunacheka. Na ukweli ni kwamba alikuwa na haki yake. Mji ule uliasisiwa na mkubwa wa Kizigua aliyekuja na watu wake, hata mama alisema hivyo. Basi nilizoea kuwaeleza wageni habari zote mbili, ya watu wa ndani ya ukuta na ya watu waliokuja kuuza maharage nje yake.

Mama alifariki mwanzoni mwa masika. Aliugua kifua, siku chache tu. Sitaandika mengi kuhusu hilo. Nilishuka mjini kununua sanda kwenye duka la Mhindi karibu na stesheni, na yule mwenye duka aliponiona uso hakupima kwa mkono wa kubana kama kawaida yake. Alikata kitambaa kwa urefu wa kutosha, akakikunja, akanipa.

Mazishi yaliendeshwa na mtani wangu, kama desturi ilivyo. Watani ndio wanaochimba kaburi na kuamuru watu, kwa sababu wafiwa hawana akili siku hiyo. Alipomaliza kuchimba, alilala ndani ya kaburi akakataa kutoka.

"Simwachii nafasi," alisema kutoka chini. "Huyu bibi alininyima ndizi mwaka wa njaa. Leteni ndizi kwanza."

Mjomba wangu, kaka yake mama na mkubwa wa ukoo wetu, alimpelekea mkungu mzima. Akatoka, akala moja, akalalamika kwamba haijaiva. Watu waliokuwa wakilia walijikuta wanacheka huku machozi yakiwatoka. Hata mimi nilicheka. Kazi ya mtani ni hiyo, kukushika usianguke humo shimoni pamoja na maiti wako.

Siku ile kulikuwa na mgeni mmoja wa hoteli, Mzungu mwenye sanduku la kupigia picha, aliyekuwa ameahidiwa kupelekwa kwenye maporomoko. Aliponikosa aliuliza njia, akapanda na mchukuzi mmoja, akatukuta makaburini. Alisimama mbali kidogo. Alimwona mtu amelala kaburini akidai ndizi, akaona watu wanacheka, akarudi hotelini kusimulia.

Niliporudi kazini, mwenye hoteli aliniita verandani. Alinipa pole. Naamini aliisema kwa moyo, kwa namna yake. Kisha akaniuliza:

"Ile siku nyingine ya kucheza ni lini?"

"Kucheza gani, bwana?"

"Ile ya kumaliza. Boi wa jikoni amesema iko siku ya kumaliza, watu wanavaa nguo za mtu aliyekufa, wanafanya mchezo."

"Ni arobaini, bwana. Ni matanga. Si mchezo."

"Mimi nitaleta wageni. Rupia tano kila mtu. Wewe utapata moja kwa kila mgeni."

Rupia moja kwa kila mgeni! Kwa kuzunguka mji nilikuwa napata nusu, hata wageni wakiwa wanne. Nilizitazama mbao za ile veranda ambazo nilikuwa nikizifagia mwenyewe wageni wakikosekana.

"Hapana, bwana," nilisema.

"Hapana nini?"

"Mji nitawaonyesha. Mlima nitawaonyesha. Matanga ya mama yangu sionyeshi."

Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba mtu asiyeonyesha hana haja ya kusimama verandani, nifikiri. Nikamwambia nimekwisha kufikiri. Akanitazama kama mtu aliyeona kiti kinasema.

Kumbe hakunitegemea mimi. Jioni hiyo hiyo mtani wangu alinikuta nikiosha machila, akafunua kiganja. Alikuwa na rupia tano za fedha, zile zenye picha ya mfalme wao na kofia yake ya chuma.

"Tajiri wako kanipa," alisema. "Niwapitishe wageni wake siku ya arobaini. Nimechukua."

Nilitaka kumshika shingo. Lakini alikuwa mtani wangu, na msiba ulikuwa wangu, na katika msiba neno lake ni neno. Alinitazama usoni akingoja nikasirike.

"Kasirika," alisema. "Nikutoze mbuzi."

"Sikasiriki," nilisema, na meno yangu yalikuwa yameumana.

Kulipokucha nilipanda kwa mjomba. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikaketi, nikamweleza. Mjomba hakuwa mtu wa haraka. Alimaliza kwanza kusuka ukingo wa kikapu.

"Mtani akileta mtu matangani, hatuwezi kumfukuza," alisema.

"Wanakuja kutazama, mjomba. Wamelipa watazame."

"Mimi sijui kutazama. Anayekuja matangani amekuja kufiwa. Anaketi mkekani, anatoa ubani, anakula tunachokula. Kuna namna nyingine?"

"Kwao ipo."

"Hapa siyo kwao."

Nilishuka nalo neno hilo. Sikutaka mtu aje kusema nilimtega, kwa hiyo nilikwenda moja kwa moja kwa mwenye hoteli, nikamwambia mbele ya mpishi wake: "Bwana, wageni wako wakija watakaa chini, wanaume kwa wanaume, bibi kwa wanawake. Hakuna kusimama pembeni. Na sanduku la picha libaki hotelini."

"Nimeshalipa," alisema.

"Hukunilipa mimi, bwana."

Siku ya arobaini wakaja. Mwenye hoteli mwenyewe, yule mtu wa sanduku na mkewe, na mlowezi mmoja mwenye shamba upande wa Mgeta ambaye alikuwa amelala hotelini akisubiri gari. Bibi alikuwa kwenye machila. Mtani wangu ndiye aliyetangulia mbele yao. Alikuwa amevaa kanga ya mama. Alikuwa ameshika kikapu chake na alikuwa akitembea kama yeye, goti la kushoto likivutwa kidogo, mkono mmoja kiunoni. Alisimama njiani akapiga kelele kwa sauti ya mama kabisa:

"We mwanangu! Hao wageni wamekula? Au unawaonyesha mawe tu?"

Wanawake wakaangua kilio na kicheko pamoja. Mimi nililia. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Kisha mtani akaenda katikati ya uwanja mahali palipokuwa na sahani ya ubani. Akafungua kiganja, akaziangusha zile rupia tano moja moja, zisikike.

"Sikilizeni, wafiwa! Huyu bwana wa hoteli ametoa ubani wa rupia tano. Hakuna Mluguru aliyetoa kiasi hicho, mabahili nyinyi! Ni mfiwa mwenzenu. Mpeni mkeka!"

Mkeka ukaletwa. Wazee wakasogea kumpa nafasi. Mjomba akamnyooshea mkono, akamwambia pole, kama alivyowaambia wengine wote. Mwenye hoteli alisimama na kofia yake kichwani. Alidhani amenunua mlango wa kuingilia, na sisi tulikuwa tumepokea rambirambi. Hakuna aliyemcheka. Walikuwa wanamngoja aketi.

Bibi yule aliketi. Nataka hilo lijulikane. Wanawake walimshika mkono, akainama na nguo zake nyingi, akaketi kati yao, akapewa bakuli la maharage na ndizi akala kwa vidole. Mwenye hoteli na mlowezi walibaki wamesimama. Na yule mumewe alikuwa tayari amesimamisha sanduku lake kwenye miguu mitatu, ameingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi.

Sikupanga nilichofanya. Nilitembea mpaka mbele ya lile jicho la kioo, nikaligeuzia mgongo.

Nilisikia kitambaa kinafunuliwa. Akalihamisha sanduku kwenda kulia. Nami nikaenda kulia. Akalirudisha. Nikarudi.

"Toka mbele!" mwenye hoteli alifoka.

"Bwana," nilimjibu bila kugeuka, "kwako nikiambiwa ondoka ninaondoka. Hapa ni kwa mama yangu."

"Nitakupeleka boma. Unataka hamsa ishirini?"

Kila mtu pale alijua hamsa ishirini ni nini, viboko ishirini na vitano. Walikuwepo waliokuwa na makovu yake. Niliogopa na sioni haya kulisema, lakini sikusogea. Kisha nikasikia mtu anakuja kwa kuburuta goti la kushoto. Mtani wangu akasimama kando yangu, na kanga ya mama mwilini. Naye akaligeuzia sanduku mgongo. Halafu, kwa kuwa yeye hakuwa mtu wa kuishia hapo, akainama akaanza kuokota vijiti chini, taratibu, kimoja baada ya kingine, makalio yake yakiwa yameelekea kwenye kioo.

"Kuni zimepungua," alisema kwa sauti ya mama. "Endelea, mwanangu, usinijali."

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Hata mjomba alifunika mdomo. Bibi wa Kizungu akasema kitu kwa lugha yao, maneno machache na makavu. Sikuyaelewa. Mumewe akakunja ile miguu mitatu. Mwenye hoteli akageuka akashuka, na mlowezi akamfuata. Wachukuzi wa machila hawakwenda popote, kwa sababu bibi alikuwa bado anakula.

Kesho yake verandani alikuwepo mtu mwingine, kijana wa pwani ambaye hakuijua hata njia ya maporomoko. Mwenye hoteli aliniambia hapa hakuna kazi, na kwamba neno limekwenda boma. Siku nyingi nilikaa nikisikiliza viatu vya askari. Hawakuja. Labda hakulipeleka, labda boma waliona ugomvi wa hoteli ni upuuzi, mimi sijui. Nilichojua ni kwamba nilikuwa nimefiwa na mama na kazi, na kwamba hiyo kazi niliipoteza kwa hiari yangu.

Nilikwenda kwenye baraza la yule Mhindi aliyenikatia sanda. Nikamwomba nikae pale gari linapofika. Akaniuliza atapata nini.

"Nitawapitisha wageni hapa kabla ya kupanda. Watataka miavuli na soda."

"Na wakishuka?"

"Wakishuka watakuwa na kiu zaidi."

Akakubali. Wageni wangu wa kwanza walikuwa ndugu zake mwenyewe kutoka Dar es Salaam. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba Mhindi naye angelipa kutembezwa. Kisha wakaja Waarabu wenye biashara zao, mwalimu mmoja wa Kiswahili na mkewe, na masista waliokuwa njiani kwenda Matombo wakitaka kujua njia ya kupita zaidi kuliko kutazama mandhari. Bei nilipandisha ikawa rupia moja kuzunguka mji. Mtani wangu alisema ni wizi. Nikamwambia kwamba mgeni wa hoteli alikuwa analipa mbili na kusikia habari za pori, na wangu analipa moja na anasikia habari za ukuta. Akasema sawa, basi nusu ni yake, maana ukuta ni wa Wazigua. Tuligawana hivyo tangu siku hiyo. Machila bado aliyasimamia yeye.

Baadaye wageni wa hoteli wenyewe walianza kuvuka barabara. Kijana wa pwani alikuwa amewapoteza watu mlimani mpaka wakanyeshewa. Mwenye hoteli alimtuma mpishi wake kuniita, nirudi verandani, nitapewa rupia nzima badala ya nusu. Nilimwambia mpishi: mwambie bwana kwamba bei yangu ni ile ile kwa kila mtu, aje mgeni wake hapa barazani nitamchukua, lakini verandani sirudi. Mpishi akaniuliza kama ana ruhusa ya kulisema hivyo hivyo. Nikamwambia alilainishe akitaka, mradi maana isibadilike.

Kila msimu alikuwapo mgeni aliyesikia mahali fulani habari za watu wanaolala kaburini, akaniuliza ni bei gani kuona. Niliwajibu kwamba njia ile siuzi. Wengine walidhani napandisha bei, wakaongeza. Niliwaambia tena, polepole, kwa Kijerumani changu kidogo, kisha niliwapeleka kwenye mawe kando ya mto na kuwasimulia habari za mlango ulioanikiwa maharage, na nikawaambia nani aliyenisimulia.

Sijui kama lile sanduku lilipata picha hata moja siku ile. Kama lilipata, ipo kwenye nyumba ya mtu huko kwao, na anayeitazama haoni matanga ya mama. Anaona koti langu kwa nyuma, lenye kiraka begani, na kando yake Mzigua ameinama.